Ist Ndani ya Vista: Namna ya Kuvunja Orodha ya Mikato Katika Kanzidata

Fundi amerudi kaunta ya duka la vipuri Gerezani, Kariakoo, mkononi ana pedi za breki alizonunua asubuhi. "Dada, hizi hazikai kwenye Ist," anasema. Muuzaji anamgeuzia skrini aone mwenyewe. Aliandika "ist" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kompyuta ikaleta pedi hizo hizo. Kompyuta haikukosea. Iliambiwa ilete kila kipuri ambacho orodha yake ya magari ina herufi i, s na t zikifuatana, na pedi zile zimeandikiwa Vista. Ukilisoma jina hilo polepole utaiona Ist imekaa katikati yake.

Duka hili ni la mfano, lakini ugonjwa wake uko kwenye programu nyingi zinazotumika madukani, zahanati na mashuleni. Aliyeitengeneza programu alijua kwamba kipuri kimoja huingia kwenye magari kadhaa. Badala ya kuyapa magari hayo mahali pao, aliweka safu moja iitwayo magari, na muuzaji akawa anaandika humo majina yote akiyatenganisha kwa alama ya mkato. Mistari mitano ya jedwali la vipuri inaonekana hivi:

```
id | jina               | magari
 1 | Chujio la hewa     | Vitz, Ist, Platz
 2 | Pedi za breki      | Vista
 3 | Plagi              | Probox,Succeed,
 4 | Shokapu ya nyuma   | Noah, Voxy, noah
 5 | Mkanda wa feni     |
```

Mtu akiutazama mstari wa kwanza anaona magari matatu. Kanzidata inaona kitu kimoja tu: neno refu lenye herufi, nafasi na mikato. Haijui kwamba mkato wa pale ni mpaka kati ya gari na gari. Ndiyo maana swali la muuzaji, lililoandikwa hivi, linaleta mstari wa 1 na wa 2 kwa pamoja:

```sql
SELECT id, jina FROM vipuri WHERE magari ILIKE '%ist%';
```

Programa akiitwa kutibu tatizo hili, dawa ya kwanza inayomjia ni kutofautisha herufi kubwa na ndogo, atafute 'Ist' yenye I kubwa ili Vista isiingie. Inafanya kazi hadi siku muuzaji mwingine atakapoandika IST kwa herufi kubwa zote, au ist kwa herufi ndogo kama Toyota wenyewe walivyoliandika jina la gari hilo. Hapo kipuri kinachofaa hakionekani kabisa, na mteja anaambiwa hakipo wakati kiko rafuni. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu hakuna fundi atakayerudi kulalamika.

Dawa ya kweli ni ya zamani. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali tunazotumia hadi leo. Mfano alioutumia ulikuwa wa jedwali la wafanyakazi ambamo kila mfanyakazi amebeba ndani yake orodha ya kazi alizowahi kufanya na orodha ya watoto wake. Codd alielekeza kwamba kila orodha ya namna hiyo itolewe, iwe jedwali lake, na kila mstari wa jedwali jipya ubebe namba ya mfanyakazi ili ijulikane ni wa nani. Jedwali la namna hiyo huitwa jedwali mtoto, na lile linaloelekezwa ni mzazi. Kwa duka letu, vipuri ni mzazi, na kila gari lililomo kwenye orodha litapata mstari wake kwenye jedwali mtoto.

Kazi yenyewe inaweza kwisha kwa amri chache. Kinachotaka muda ni kuyajua yaliyomo ndani ya ile safu kabla ya kuigusa. Katika PostgreSQL, ambayo ndiyo kanzidata ya mfano wetu, amri ifuatayo inakata kila orodha penye mkato, inaondoa nafasi pembeni mwa kila kipande, kisha inahesabu kila jina limetokea mara ngapi:

```sql
SELECT trim(g) AS gari, count(*)
FROM vipuri, unnest(string_to_array(magari, ',')) AS g
GROUP BY 1
ORDER BY 2, 1;
```

Majibu yamepangwa kwa makusudi yaanze na majina yaliyotokea mara chache. Vitz itatokea mara nyingi na haina shaka. Lililotokea mara moja tu ndilo la kuangaliwa, maana huko juu ya orodha ndiko makosa yanakokusanyika. Hapo atakutwa "Voxi" aliyeandikwa kwa i. Litakutwa jina lililokatika katikati, "Coro" peke yake, dalili kwamba fomu ya kuingizia ilikuwa na kikomo cha herufi na orodha ndefu zikawa zinapoteza mkia. Kilichopotea namna hiyo hakirudishwi na amri yoyote, ni lazima mtu anayevijua vipuri aulizwe.

Kipo pia kipande kama "Noah (2001" na, mbali kidogo, kipande kingine "2004)". Muuzaji aliandika "Noah (2001,2004)" akimaanisha matoleo ya miaka hiyo miwili, na mkato wa ndani ya mabano ukakatwa sawa na ile mingine. Hili si kosa la uandishi. Muuzaji alikuwa na taarifa ya kweli, mwaka wa gari, na hakupewa pa kuiweka. Vipande vya namna hii huonekana kwa urahisi, kwani huwa na bano lisilo na mwenzake.

Vipande vyenye mkwaju, kama "Noah/Voxy", maana yake ni kwamba si kila mtu dukani alitumia mkato. Hao wanaweza kukatwa kwa amri ya regexp_split_to_table, inayokubali vitenganishi vingi kwa mara moja. Lakini tahadhari na wale walioandika "Noah na Voxy". Programa mwenye haraka ataiambia kompyuta ikate pia kila penye "na", na hapo Carina itageuka Cari. Ni lazima kukata kwa "na" kudai nafasi kabla na baada yake.

Kipande kinachosumbua kuliko vyote huwa ni neno "zote". Muuzaji ameliandika kwenye taa au mafuta ya breki akimaanisha kwamba bidhaa inaingia gari lolote. Likihamishwa lilivyo litakuwa gari jipya linaloitwa Zote, na mwenye Ist hatakiona kipuri hicho tena. Lipewe safu yake kwenye jedwali mzazi, ya ndiyo au siyo, na swali la kutafutia liiangalie safu hiyo pia.

Kuna kosa moja zaidi lisiloonekana kwa macho. Majibu yanaweza kuonyesha Noah mara mbili, mistari miwili iliyofanana kila kitu, kila mmoja na hesabu yake. Mmoja wao una alama iliyojificha, mara nyingi nafasi ya aina nyingine iliyokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Excel au kwenye ukurasa wa mtandao. Amri ya trim ikiachwa bila maelekezo huondoa nafasi ya kawaida tu, hiyo nyingine inaiacha. Ukiuliza length ya jina, Noah wa kweli atajibu 4 na mwenzake 5.

Marekebisho haya yote yafanyike kwenye safu ya zamani, kabla ya kuhamisha chochote, na muuzaji akae karibu na programa. Programa hawezi kujua kama "Mark" iliyoandikwa peke yake ni Mark II au Mark X. Anayejua ni yule aliyekishika kipuri.

Data ikishakuwa safi, jedwali mtoto linaundwa:

```sql
CREATE TABLE kipuri_gari (
  kipuri_id integer NOT NULL REFERENCES vipuri (id)
            ON DELETE CASCADE,
  gari      text NOT NULL CHECK (gari <> ''),
  PRIMARY KEY (kipuri_id, gari)
);
CREATE INDEX ON kipuri_gari (gari);
```

Kila mstari hapa ni sharti ambalo safu ya zamani haikuweza kuliweka. REFERENCES inakataa gari lililoandikiwa kipuri kisichokuwepo. ON DELETE CASCADE inasema kipuri kikifutwa, magari yake yafutwe nacho, yasibaki yatima. CHECK inakataa jina tupu. PRIMARY KEY ya safu mbili kwa pamoja inakataa kipuri kimoja kuandikiwa gari lile lile mara mbili. Mstari wa mwisho unatengeneza faharasa ya majina ya magari. Kwenye orodha ya mikato, kanzidata ililazimika kusoma kila mstari wa duka zima herufi kwa herufi, kwa sababu faharasa ya kawaida haisaidii unapotafuta neno lililo katikati ya maandishi. Sasa itakwenda moja kwa moja kwenye jina.

Kisha uhamisho wenyewe:

```sql
INSERT INTO kipuri_gari (kipuri_id, gari)
SELECT DISTINCT v.id, upper(trim(g))
FROM vipuri v, unnest(string_to_array(v.magari, ',')) AS g
WHERE trim(g) <> '';
```

Inafaa kuifuata amri hii kwa vidole kwenye mistari yetu mitano. Mstari wa 1 unatoa vipande vitatu. Wa 2 unatoa kimoja. Wa 3 nao unatoa vitatu, kwa sababu mkato wa mwisho baada ya Succeed umeacha kipande kitupu nyuma yake, na hicho kinazuiwa na WHERE. Wa 4 unatoa vitatu, lakini upper inapogeuza herufi zote kuwa kubwa, Noah na noah wanakuwa jina moja, na DISTINCT inamwacha mmoja. Wa 5 hautoi kitu. Jumla ni vipande 10. Ukitoa kimoja kitupu na kimoja cha kurudia, jedwali mtoto linapaswa kuwa na mistari 8. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuhamisha, iandikwe pembeni, kisha ilinganishwe na idadi ambayo kompyuta itatoa. Zikitofautiana hata kwa mstari mmoja, kazi isimame hadi sababu ijulikane.

Jambo moja linasahaulika kirahisi hapa: mpangilio. Mistari ya jedwali haina wa kwanza wala wa mwisho. Kama muuzaji alikuwa na desturi ya kutanguliza gari ambalo kipuri kilitengenezewa hasa, nafasi ya jina kwenye orodha ilikuwa na maana, na amri ya hapo juu inaipoteza. Kwa hali hiyo unnest iongezewe maneno WITH ORDINALITY, yaliyopo tangu PostgreSQL 9.4, nayo itatoa namba ya kila kipande, ihifadhiwe kwenye safu yake. Na ile miaka iliyokuwa ndani ya mabano, sasa ina pa kukaa: safu za mwaka wa kuanzia na wa kuishia ndani ya jedwali mtoto, kwa kila gari na kipuri chake. Kwenye orodha ya mikato hilo lisingewezekana.

Ukaguzi wa pili ni wa vipuri vilivyobaki bila gari:

```sql
SELECT v.id, v.magari
FROM vipuri v
LEFT JOIN kipuri_gari k ON k.kipuri_id = v.id
WHERE k.kipuri_id IS NULL;
```

Jibu sahihi ni vipuri ambavyo safu yao ya zamani ilikuwa tupu, na hao tu. Kwenye mfano wetu ni mstari wa 5 peke yake. Kikitokea kingine ambacho upande wa magari kina maandishi, uhamisho ulikiruka.

Baada ya hapo programu ya duka inabadilishwa isome na kuandika kwenye jedwali jipya. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kukata mikato. Kama programu mpya imewekwa kwenye kompyuta ya kaunta lakini ile ya stoo bado ina toleo la zamani, stoo itaendelea kuandika magari kwenye safu ya zamani, kaunta kwenye jedwali jipya, na baada ya siku mbili hakuna upande unaosema kweli. Duka linalofungwa usiku lina bahati, kwani uhamisho na mabadiliko ya programu vinaweza kufanyika milango ikiwa imefungwa. Mfumo usiolala unahitaji kipindi cha mpito, ambapo kila badiliko linaandikwa pande zote mbili hadi mtumiaji wa mwisho ahamie upande mpya.

Ndipo ifikie zamu ya safu ya zamani. Wengi huishia kabla ya hatua hii, wakiiacha "kwa usalama", na huko si kuwa salama. Safu iliyoachwa itasomwa na ripoti ya mwisho wa mwezi ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha, nayo itatoa majibu ya zamani yanayofanana na ya kweli. Lazima iondoke. Lakini iondoke kwa hatua, ya kwanza ikiwa ni kuibadilisha jina tu:

```sql
ALTER TABLE vipuri RENAME COLUMN magari TO magari_ya_zamani;
```

Programu yoyote ambayo bado inaiita magari itapata kosa papo hapo, kosa linaloonekana kwenye skrini, na jina likirudishwa duka linaendelea kuuza. Safu ikae na jina hilo muda wa kutosha kupitia mzunguko mzima wa kazi za duka, ikiwemo hesabu ya mwisho wa mwezi.

Mtihani huu una pengo moja. Katika PostgreSQL, mtazamo, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina kwa CREATE VIEW, huifuata safu hata ikibadilishwa jina, kwa hiyo hautatoa kosa lolote. Utajitokeza siku ya kufuta. Hapo kanzidata itakataa, itaeleza ni mtazamo upi unaotegemea safu hiyo, na itadokeza kwamba neno CASCADE likiongezwa amri itapita. Dokezo hilo lisifuatwe bila kufikiri. CASCADE haiurekebishi mtazamo, inaufuta pamoja na safu. Njia sahihi ni kuuandika mtazamo upya usome kutoka kwenye jedwali mtoto, kisha kurudia amri bila CASCADE. Kazi zilizoandikwa kwa PL/pgSQL ndani ya kanzidata hazilindwi hata kwa kiasi hicho. PostgreSQL haifuatilii safu zinazotajwa ndani yake, na kosa litatokea siku kazi yenyewe itakapoitwa. Zitafutwe mapema kwa kusoma maandishi yake.

Siku ya kufuta ikifika, namba za vipuri na orodha zao za zamani zinakiliwe kwanza kwenye faili lililo nje ya kanzidata, kisha:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '5s';
ALTER TABLE vipuri DROP COLUMN magari_ya_zamani;
COMMIT;
```

Kufuta safu kunataka jedwali lifungwe kwa kila mtu mwingine. Kufungwa kwenyewe ni kwa kitambo kidogo, lakini kama kuna ripoti ndefu inayoendelea, amri itaingia foleni nyuma yake na wauzaji wote watakwama nyuma ya amri. Mstari wa lock_timeout unaiagiza iache baada ya sekunde 5, ijaribiwe tena baadaye. Amri ikipata nafasi inakwisha upesi hata jedwali likiwa kubwa, kwa sababu PostgreSQL haifuti herufi zenyewe muda huo. Inaificha safu, na mahali ilipokuwa panarudi kidogo kidogo kadiri mistari inavyoandikwa upya. Anayetarajia diski ipate nafasi usiku ule ule hataiona.

Wanaotumia MySQL wajue tofauti moja kubwa. PostgreSQL inaruhusu kuunda jedwali, kuhamisha data na kufuta safu ndani ya muamala mmoja, na kabla ya COMMIT, neno ROLLBACK linarudisha kila kitu. Katika MySQL, amri za kubadilisha umbo la jedwali hukamilika zenyewe papo hapo na haziwezi kurudishwa kwa ROLLBACK. Kwa hiyo huko nakala ya akiba ndiyo njia pekee ya kurudi nyuma, na ijaribiwe kama inafunguka kabla ya kazi kuanza.

Jedwali mtoto halitamzuia mtu kuandika VOXI kesho. Kwa hilo linahitajika jedwali la tatu, la majina ya magari yanayokubalika, na muuzaji achague kwenye orodha badala ya kuandika kwa mkono. Hatua hiyo ni rahisi mara magari yakishakuwa mistari, lakini ni kazi ya siku nyingine. Na muuzaji anayetaka kuona majina yakiwa pamoja kwenye skrini kama alivyozoea anaweza kupewa kwa string_agg(gari, ', '), inayoyaunganisha kwa mikato wakati wa kuonyesha tu.

Fundi akija tena kuulizia Ist, swali litakuwa hili:

```sql
SELECT v.id, v.jina
FROM vipuri v
JOIN kipuri_gari k ON k.kipuri_id = v.id
WHERE k.gari = 'IST';
```

Linaleta mstari mmoja, chujio la hewa. Pedi za Vista hazimo.